UZI: Stoo kipa wangu kaleta barua ya kuacha kazi, mimi ndo bosi wake, jibu linaandikwaje?

Meneja Nyakato
Wakuu habari za jioni. Mimi ni meneja wa tawi hapa Mwanza, tunauza vifaa vya ujenzi jumla na rejareja, simenti, nondo, mabati, misumari, rangi. Jana Jumatatu tarehe 2 Juni stoo kipa wangu kaniletea barua mkononi, anaacha kazi. Kwenye barua kaandika siku yake ya mwisho ni Ijumaa tarehe 20 Juni na kwamba siku 10 zilizobaki kwenye notisi zikatwe kwenye likizo yake, maana kazi mpya anaanza Jumatatu ya tarehe 23.

Huyu dada kaanza kwetu tarehe 1 Februari 2022, mshahara wake wa msingi laki tisa, ni mtu wa maana sana. Kabla yake stoo ilikuwa haijulikani nani kachukua nini, yeye ndo kaweka kadi kwenye kila rafu na mtu hatoi hata kopo la rangi bila kusaini. Kwa hiyo sitaki aondoke na kinyongo. Ila makao makuu wako Dar, afisa utumishi wao kanitumia tu barua ya zamani kutoka kwenye faili akasema badilisha jina upeleke. Barua yenyewe hii hapa:

"Menejimenti imekubali ombi lako la kuacha kazi. Siku zako za likizo zitahesabiwa kama sehemu ya notisi. Stahiki zako zote zitashikiliwa mpaka stoo ihesabiwe na upungufu wowote utakaobainika utakatwa. Cheti cha utumishi utapewa baada ya kukamilisha kliaransi. Tunakutakia kila la kheri."

Nimeisoma roho ikakataa. Naombeni mawazo kabla sijasaini, nataka nimpe jibu kesho.

Kijana wa Igoma
Pole sana mkuu, usiache kazi kwa hasira, ajira siku hizi ngumu, kaa hapohapo huku unatafuta nyingine kimyakimya.

Meneja Nyakato
Kaka anayeacha sio mimi, ni mtu wangu. Mimi ndo natakiwa kumjibu.

Kijana wa Igoma
Aah sawa nimepitiwa. Basi nafasi ikitangazwa usinisahau mkuu, nina cheti cha ugavi.

Mzee wa Tume
Meneja, roho yako imekuelekeza vizuri. Nimekaa utumishi miaka mingi na nimesimama CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, upande wa mwajiri mara nyingi tu, barua kama hiyo ni ushahidi mzuri sana, ila wa mfanyakazi.

Kabla ya yote, mkataba wake ni wa kudumu au wa muda maalumu? Usijibu chochote kabla hujaufungua. Kama ni wa kudumu anaondoka kwa kutoa notisi basi, hahitaji ruhusa yako. Kama ni wa muda maalumu, tuseme miaka miwili na bado haujaisha, hapo mambo mengine kabisa, hawezi kuukatisha katikati kwa notisi tu labda wewe umevunja mkataba au mkubaliane wote wawili kuumaliza mapema. Na kama ndo hivyo barua yako haitakuwa ya kupokea notisi tena, itakuwa ya makubaliano.

Meneja Nyakato
Nimeufungua mzee, ni wa kudumu. Kipengele cha notisi kimeandikwa siku 28 kwa pande zote mbili, kalipwa kwa mwezi.

Mzee wa Tume
Vizuri, imelingana na sheria ya ajira ya mwaka 2004, kifungu cha 41, anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Mnaweza kukubaliana zaidi ya hapo ila iwe sawa kwa wote, haiwezekani yeye atoe miezi miwili wewe utoe mmoja.

Sasa neno la kwanza la kufuta ni hilo "imekubali ombi lako". Hajaomba, katoa taarifa. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini nimeona meneja anakaa na barua wiki tatu anasema "sijakubali bado", mtu siku ya 28 anaondoka zake, kampuni inaandika mtoro kazini na kumfukuza mtu ambaye alishaondoka kihalali. Wewe andika "nimepokea barua yako ya tarehe 2 Juni, niliyokabidhiwa siku hiyohiyo". Hiyo tarehe ya kupokea ndo msumari wa kila kitu, hesabu inaanza kesho yake. Tarehe 3 Juni ni siku ya kwanza, siku ya 28 ni Jumatatu tarehe 30 Juni. Ni siku za kalenda, Jumapili imo, na Idi iliyo katikati hapo nayo imo, hairefushi kitu.

La pili ndo kubwa. Likizo haiendi sambamba na notisi. Kifungu hichohicho cha 41 kimesema notisi haitolewi mtu akiwa likizo na haitembei pamoja na likizo. Najua maofisi mengi wanafanya "malizia notisi kwa likizo yako" na mfanyakazi mwenyewe anafurahi, kama huyu wako anavyoomba mwenyewe, lakini ikija kugeuka ugomvi hiyo likizo itahesabika hakuichukua na utailipa tena.

Mhasibu Kariakoo
Mzee kaongea. Mimi naongezea kwenye pesa. Likizo yake inalipwa siku 1 kwa kila siku 13. Kuanzia 1 Februari mwaka huu mpaka 30 Juni ni siku 150, gawa kwa 13 unapata 11.5. Mshahara wa siku ni laki tisa gawa kwa 26 ni 34,615. Zidisha, kama 398,000. Na usisahau kiinua mgongo, siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, ana miaka mitatu kwa hiyo siku 21. Hizo ziandike kwenye barua kabisa asije akakusumbua.

Mzee wa Tume
Kaka mhasibu umepatia nusu. Siku 7 kwa mwaka ni pale mwajiri ndo anayemwachisha mtu kazi. Huyu kaacha mwenyewe, haipo, labda mkataba wenu uwe umeahidi. Ukiiandika kwenye barua ndo umeshaahidi hivyo, makao makuu wakikataa utaishia kubishana na dada wa watu kwa kitu ambacho hakikuwa chake.

Na kwenye likizo umechanganya vipimo viwili. Ukigawa mshahara kwa 26 maana yake unahesabu siku za kazi tu, Jumapili umezitoa. Basi na siku 150 nazo zitoe Jumapili, miezi mitano mara 26 ni siku 130, gawa kwa 13 ni siku 10, mara 34,615 ni 346,150. Au uhesabu kwa kalenda pande zote, 11.5 na ushee mara elfu 30, unaangukia palepale kwenye laki tatu na arobaini na sita. Ukichukua siku za kalenda ukazidisha kwa bei ya siku ya kazi, ndo hiyo elfu hamsini na kitu inazaliwa hewani.

Mhasibu Kariakoo
Mzee hapo umenifungua macho, ila sisi ofisini siku zote tunafanya hivyo na mkaguzi hajawahi kusema.

Mzee wa Tume
Mkaguzi hawezi kukusema kwa kumlipa mtu zaidi. Aliyelipwa pungufu ndo anayekwenda Tume.

Dada wa Upanga
Mimi naomba niseme la kwangu maana limeniuma mpaka leo. Niliacha kazi sehemu fulani hapa Dar, niliandika barua nzuri kabisa ya kushukuru, bosi hakujibu. Kimya. Nikamaliza notisi yangu nikakabidhi kila kitu kwa mtu aliyekuwepo, hakuna aliyesaini. Baada ya muda napigiwa simu naambiwa laptopu haionekani. Laptopu nimeiacha mezani na chaja yake! Cheti cha utumishi sikupata mpaka mwajiri mpya alipoanza kuniona tapeli. Kwa hiyo dada au kaka meneja, kumjibu tu mtu kwa maandishi ni heshima kubwa, na muandikie atamkabidhi NANI kwa jina.

Meneja Nyakato
Asante dada, pole sana. Hilo la jina la mpokeaji naliweka. Ni kaka meneja 🙂

Mzee wa Tume
Dada wa Upanga kaleta kitu muhimu. Cheti cha utumishi ni haki yake ajira inapoisha, sheria haikukiweka chini ya kliaransi. Unaweza kuwa na fomu ya makabidhiano, ni nzuri na inamlinda yeye pia, lakini usikifanye cheti kuwa rehani. Na malipo vilevile, mshahara wa siku alizofanya na likizo yake vinalipwa ajira inapokoma, sio "vitashikiliwa".

Stoo Namba 4
Jamani mimi nipo upande wa meneja. Stoo ya nondo na simenti sio ofisi ya karatasi, mtu anaweza kuondoka na milioni kumi zimekosekana. Mkishamlipa mtamtafuta wapi? Mimi nasema akae mpaka tarehe 30 na wakate upungufu wote, alikuwa anashika funguo.

Mzee wa Tume
Hofu yako naielewa mkuu, lakini kushika funguo peke yake hakutoshi kumkata mtu. Ili ukate hasara kwenye mshahara lazima awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea akiwa kazini kwa kosa lake, umempa nafasi ya kujieleza, makato yasizidi hasara yenyewe na yasizidi robo ya malipo yake. "Upungufu wowote utakatwa" haipiti hata kipimo kimoja hapo. Dawa ni kuhesabu stoo akiwa BADO yupo ili tofauti ikionekana aielezee akiwa amesimama mbele ya rafu.

Stoo Namba 4
Hapo kwenye kuhesabu akiwepo nakubali. Meneja nikupe utaratibu tunaofanya sisi. Usisubiri siku ya mwisho, ndo kosa la wengi, siku ya mwisho mtu kashavaa nguo nzuri na keki ipo mezani hakuna anayehesabu misumari. Anza na vinavyolala, rangi, vitasa, mabomba, hivyo hesabuni katikati ya wiki biashara inaendelea na ukishahesabu rafu funga kwa utepe, anayetoa kitu baada ya hapo aandike pembeni. Vinavyotembea sana, simenti na nondo na mabati, hesabuni siku duka limefungwa. Nondo hesabu kwa unene, kumi na mbili peke yake, kumi na sita peke yake, na vipande vilivyokatwa viweke upande wake maana ndo vinavyoleta uongo. Misumari ya boksi lililofunguliwa pima kwenye mizani usikadirie kwa jicho. Anayehesabu awe yule anayepokea stoo, anayeondoka asome kadi, wewe uandike. Wote watatu msaini kila ukurasa.

Meneja Nyakato
Mkuu hii imeniokoa. Tunafunga Jumapili, kwa hiyo Jumapili tarehe 15 inafaa.

Mzee wa Tume
Inafaa ila waombe wakubali, na Jumapili ni siku yao ya mapumziko, masaa hayo yanalipwa mara mbili ya msingi.

Mtu wa Changamwe
Salamu toka Mombasa. Huku kwetu pia ni siku 28 kwa wa mshahara wa mwezi, na mfanyakazi akitaka kuondoka mapema analipa pesa badala ya notisi, imeisha. Mbona nyie mnazunguka sana, si huyo dada alipe hizo siku 10 aende?

Mzee wa Tume
Karibu ndugu. Huku sheria imeandika kwamba mwajiri ndo anaweza kulipa badala ya notisi. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zake ile pesa ambayo angeipata. Neno ni "anaruhusiwa", halazimishwi. Hapo ndo mlango wa meneja ulipo.

Meneja, una njia mbili za kweli. Ya kwanza, mwambie afanye kazi mpaka tarehe 30, achukue mshahara wote wa Juni na likizo yake, jumla kama 1,246,000 kabla ya makato. Lakini kazi mpya ataikosa na atakuwa na kinyongo. Ya pili, mkubaliane kwa maandishi umwachie tarehe 20, siku 10 zilizobaki umemsamehe, humlipi wala humkati. Hapo anapata siku 20 za Juni, laki sita, na likizo mpaka tarehe 20 kama 323,000, jumla 923,000. Alivyopendekeza yeye, mwezi mzima na kukatwa likizo siku 10, angeondoka na 946,000 hivi. Tofauti ni kama elfu 23. Kaa naye umuonyeshe hesabu, utashangaa.

Mhasibu Kariakoo
Hapo nimezihakiki, ziko sawa. Kodi ya mshahara na NSSF zikatwe kama kawaida. Akishaondoka aende NSSF achukue pesa yake ya kukosa ajira.

Mzee wa Tume
Aliyeacha kazi mwenyewe fao la kukosa ajira halimhusu, na huyu anaanza kazi Jumatatu. Namba yake ya uanachama ni ileile, ampe mwajiri mpya michango iendelee. Wewe meneja hakikisha mchango wa Juni umepelekwa.

Mama Wawili Buzuruga
Mimi naona mnakimbilia barua mno. Mtu mzuri kama huyo mwite kwanza mkae, muulize nini kimemsibu, labda nyongeza ndogo tu angebaki. Bosi wangu alinifanyia hivyo na nipo mpaka leo.

Meneja Nyakato
Dada nilimwita jana ileile. Anafuata mume wake alikohamishiwa, sio pesa wala ugomvi. Kwa hiyo nimeliacha.

Mzee wa Tume
Na hata ungekuwa na nyongeza ya kumpa, hiyo ni maongezi, isiingie kwenye barua hii. Kwenye shukrani andika kitu kimoja cha kweli alichofanya. "Mchango wako ulikuwa mkubwa" kila mtu kaandikiwa. Zile kadi za rafu ulizotuambia hapo juu, ziandike.

Meneja Nyakato
Wakuu nimekaa naye leo mchana, nimemuonyesha hesabu zote, kachagua ya pili na kashukuru sana. Makao makuu nao wamekubali kwa simu, nikawaomba wathibitishe kwa imeili, wamethibitisha. Nimeandika hivi, mniambie:

"Ndugu (jina),

YAH: KUPOKEA TAARIFA YAKO YA KUACHA KAZI

Nimepokea barua yako ya tarehe 2 Juni 2025, uliyonikabidhi siku hiyohiyo, ya kuacha kazi ya utunzaji stoo.

Nakushukuru kwa kazi yako tangu Februari 2022. Utaratibu wa kadi kwenye kila rafu uliouanzisha ndio unaotuwezesha leo kujua kilichopo stoo bila kubahatisha, na tutaendelea nao.

Kwa mkataba wako notisi ni siku 28, ambazo zingeisha tarehe 30 Juni 2025. Kama tulivyokubaliana leo, siku yako ya mwisho kazini itakuwa Ijumaa tarehe 20 Juni 2025. Hutadaiwa wala kulipwa kwa siku zilizobaki za notisi.

Stoo itahesabiwa ukiwepo, kuanzia Jumatano tarehe 11 hadi Jumapili tarehe 15 Juni, na utamkabidhi ndugu (jina), msaidizi wa stoo. Tofauti yoyote itajadiliwa nawe kabla ya kuondoka. Tarehe 20 utakabidhi kwangu funguo, simu na laini ya ofisi, na paswedi ya mfumo wa stoo itabadilishwa ukiwepo. Kila kilichokabidhiwa kitasainiwa na pande zote na utapewa nakala.

Siku hiyo utalipwa mshahara wa tarehe 1 hadi 20 Juni, malipo ya Jumapili ya tarehe 15 na malipo ya likizo ambayo hukuichukua, baada ya makato ya kisheria, pamoja na mchanganuo wake. Utapewa pia cheti cha utumishi.

Tafadhali saini nakala kuonyesha umekubaliana na tarehe ya mwisho iliyotajwa hapo juu."

Mzee wa Tume
Safi sana. Siigusi, ila ongeza neno "kwa maandishi" pale kwenye tofauti itajadiliwa. Na mwambie yeye mwenyewe asaini mbele yako na aandike tarehe kwa mkono wake.

Stoo Namba 4
Laini ya ofisi ikikabidhiwa badilisheni namba ya siri palepale, na kama alikuwa anapokea pesa za wateja kwa lipa namba piga picha salio mbele yake.

Dada wa Upanga
Kaka ningeandikiwa barua kama hii ningeitunza. Umefanya vizuri.

Meneja Nyakato
Asanteni sana wakuu. Swali moja tu limebaki, kanikumbusha mwenyewe. Aliajiriwa Dodoma tawi la kule, akahamishiwa huku Mwanza na kampuni. Nauli na mizigo ya kurudi Dodoma inamhusu au kwa kuwa kaacha mwenyewe haipo?

Mhasibu Kariakoo
Haipo, kaacha mwenyewe.

Mzee wa Tume
Taratibu mhasibu. Kifungu cha 43 kinasema mkataba unapokoma mahali ambapo sio alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe na mizigo yake au amlipe. Hakijatenganisha aliyeachishwa na aliyeacha. Wapo waajiri wanaobisha kwamba kilikusudiwa kwa anayeachishwa tu, nimesikia hoja zote mbili zikipiganiwa. Mimi ningelipa. Ila angalia na mkataba wake, na barua ya uhamisho imeandikaje mahali alipoajiriwa.

Stoo Namba 4
Ila si anamfuata mume wake, anaenda Dodoma kweli? Kama anaenda Arusha unamlipa wapi?

Meneja Nyakato
Anaenda Singida mkuu. Barua ya kwanza nimempa leo bila hicho kipengele, kasaini. La nauli nimeliandikia makao makuu peke yake na nimeambatanisha barua ya uhamisho, pia kesho nitapita ofisi ya kazi hapa Mwanza niwaulize. Wakinijibu nitaleta hapa.

Kijana wa Igoma
Mkuu ile nafasi ya msaidizi wa stoo sasa si inabaki wazi?